Mteja kavunja oda, mbao zimeshakatwa

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni fundi seremala, nina karakana ndogo Keko na kijana mmoja wa kunisaidia. Mteja aliniagiza kabati la ukutani la mninga lenye milango minne kwa 2,000,000, pamoja na meza ya chakula na viti sita kwa 1,400,000. Jumla 3,400,000, akanipa advansi 1,700,000. Tuliandikiana bei na tarehe, basi. Kazi ilikuwa ya siku 25. Siku ya 12 kanipigia: "Fundi, simamisha kazi, nyumba ninaiuza, nirudishie hela yangu." Hela hiyo haipo. Daftari langu linasema mbao 1,050,000, kuzileta 60,000, mashine ya kupasua na kuranda 85,000, kijana 240,000, bawaba na vitasa 160,000, gundi na msasa 35,000, na 90,000 nimetanguliza kwa muuza vioo, ambaye atakata Jumamosi. Nilitarajia kutumia kama 650,000 zaidi mpaka kufunga. Milango yote minne imeshapigwa gundi, miwili bado iko kwenye vibano. Mbavu za kabati zimekatwa. Mbao za juu ya meza zimerandwa, na miguu ya viti imetobolewa matundu. Siku nane nilikuwa kwenye kabati na nne kwenye meza na viti. Je, nirudishe hela yote? Nimalize kazi kwa nguvu nimpelekee? Au nikae kimya, maana advansi ni yangu?
Fundi wa Keko

JIBU: Fundi, kabla hujamaliza kusoma, mpigie muuza vioo. Mwambie asikate mpaka utakapomwambia. Kioo kizima ni mali yake na anaweza kukiuzia mtu mwingine, hivyo 90,000 yako inabaki hai, ama akurudishie ama uikute siku ya kazi nyingine. Kikishakatwa kwa kipimo cha mlango wako, kinakuwa chako peke yako. Katika mambo yote uliyotaja, hili ndilo pekee ambalo thamani yake inabadilika Jumamosi. Mengine yanaweza kungoja siku mbili.

Simu ya pili ni kwa duka la bawaba na vitasa. Kama viboksi havijafunguliwa na risiti unayo, maduka mengi hupokea bidhaa ndani ya siku chache, ama kwa kukata kidogo ama kwa kukubadilishia. Ukikaa nazo mwezi mzima hakuna atakayekumbuka sura yako. Katika hesabu ya hapa chini tumeziweka zikirudi kwa 145,000.

Sasa hiyo milango miwili iliyo kwenye vibano. Usiifungue kwa hasira, wala kwa sababu oda imevunjwa. Gundi nyeupe ya mbao hushika baada ya nusu saa au saa nzima, lakini nguvu yake kamili inakuja baada ya saa 24 hivi. Ukikilegeza kibano katikati, ulimi unarudi nyuma kidogo ndani ya tundu na kiungo kinabaki na ufa mwembamba, ambao hautauona mpaka mlango uning'inizwe na uzito uuvute. Mlango wenye kiungo kibovu hauuziki kwa mteja huyu wala kwa mwingine. Kwa hiyo kazi husimama pale inapoweza kukaa bila kuharibika, na mara nyingi hapo si pale msumeno ulipokuwa simu ilipoita. Milango iache vibanoni mpaka kesho. Mbao za meza usiziunge leo. Miguu ambayo hujaitoboa, iache hivyo hivyo.

Wazo la kumaliza haraka ili umpelekee vitu vilivyokamilika liondoe kichwani. Hasara inayohesabika ni ile iliyokwishatokea saa alipokwambia simamisha, pamoja na ile isiyoepukika baada ya hapo. Siku 13 utakazofanya huku ukijua hataki ni siku ulizojitolea mwenyewe, na hakuna msuluhishi atakayekulipia. Hizo 650,000 ulizokuwa hujazitumia, usizitumie.

Tusikilize vizuri neno alilosema. "Simamisha" si "vunja". Mtu anayeuza nyumba anaweza kuwa na maana kwamba kabati halihitajiki tena kwa kuwa ukuta wenyewe unaondoka, ilhali meza bado anaitaka kokote anakohamia. Inawezekana pia kwamba nyumba haijapata mnunuzi na wiki ijayo atabadili mawazo. Ukichukulia kuwa amevunja yote, ukaanza kubomoa milango, halafu akarudi, kosa linakuwa lako. Kwa hiyo mtake aandike, na umpe maneno ya kuchagua ili asikwepe. Ujumbe wa aina hii unatosha:

"Ndugu, leo saa 4 asubuhi umenipigia kwamba nisimamishe oda ya kabati na meza. Nimesimamisha saa hiyohiyo. Naomba unijibu kwa ujumbe: umevunja oda yote, umevunja kabati tu, au tunasubiri na tutaendelea tarehe fulani? Kesho kutwa nakutumia picha na hesabu ya mahali kazi ilipofika."

Angalia kwamba hakuna lawama wala neno la advansi hapo. Kuna saa, kuna tendo lako la kusimamisha, na kuna swali linalotaka jibu. Jibu lake, hata likiwa "vunja yote tu fundi", ndilo litakalokusimamia baadaye. Kama oda ilitoka kwa mume na simu imetoka kwa mke, au kwa dalali wa nyumba, ujumbe uende kwa aliyekupa hela.

Akisema tunasubiri, mwambie mpaka lini, na kwamba baada ya tarehe hiyo utahesabu oda kuwa imevunjwa. Mbao za mtu mwingine zikikaa miezi mitatu kwenye karakana ya upana wa mita nne zinakula nafasi ya kazi inayokulipa.

Wakati unamsubiri, piga picha na upange vitu. Picha za jumla hazisaidii sana. Piga kila kundi likiwa peke yake: milango minne imelazwa, mbavu zimepangwa, miguu ya viti imewekwa safu ili ihesabike, mbao nzima zisizoguswa, viboksi vya bawaba. Laza futi ya kupimia juu ya kitu ili kipimo kisomeke ndani ya picha. Hapo ndipo mtu atakapoona kwamba mbavu zina, tuseme, mita 2.62, urefu wa ukuta wa nyumba yake na si wa kabati la dukani. Kila kipande kiandikie kwa penseli kwenye ukingo, si kwenye uso, ni cha nini na kinaungana na kipi. Chaki inafutika kwa vumbi la msasa, na baada ya wiki tatu hata wewe utasahau mguu upi wa nyuma ulitobolewa kulia na upi kushoto.

Kuhifadhi ndiko ambako hela nyingi hupotea kimyakimya. Mninga ni mbao tulivu kuliko nyingi, ila hakuna mbao isiyonywa unyevu wa hewa na kuutoa, na Dar hewa ina unyevu mwaka mzima. Ubao uliorandwa ukilazwa sakafuni, uso wa chini unabaki na unyevu na wa juu unakauka, basi unakunja kama kigae. Chini weka fito zenye unene wa sentimita 2.5, kila baada ya nusu mita, na kila tabaka la mbao liwe na fito zake, zikikaa wima juu ya zile za chini. Zikipishana, uzito wa juu unaupinda ubao katikati. Juu kabisa weka mzigo. Milango usiiegemeze ukutani hata siku moja. Mlango wa mita 2.30 ulioegemea kona moja hupinda kwa kujiviringa, na ukija kuufunga unagusa juu na kuachia chini, hapo bawaba haisaidii kitu. Ilaze, uso kwa uso, fito katikati. Ukiona itakaa zaidi ya mwezi, pitisha sila pande zote mbili. Upande mmoja tu ni kuutafutia mlango sababu ya kupinda.

Ndimi za viti, kama umeshazichonga, zifunge kwa nailoni pamoja na miguu yake na ziweke sehemu moja. Ulimi ukikauka zaidi ya tundu lake unalegea, na kiti kilicholegea kabla hakijauzwa ni cha kuchonga upya. Mbao za juu ya meza hazitakuwa na shida, ila siku utakapoziunga pitisha randa mara moja tena kwenye kingo kabla ya gundi. Uso uliorandwa wiki kadhaa zilizopita haushiki gundi kama uliorandwa leo.

Tuje kwenye hela. Umefanya siku 12 kati ya 25, karibu nusu, naye amelipa nusu. Ni rahisi kusema mmemalizana. Hesabu hiyo si sahihi kwake wala kwako, kwa sababu siku hazisemi kitu juu ya kilichobaki mkononi. Swali ni hili: katika vyote ulivyotumia, kipi kinaweza kuwa kitu kingine, na kipi kimekufa pamoja na oda?

Daftari lako linatoa 1,720,000. Hujaweka mikono yako mwenyewe, na hilo ndilo kosa la kwanza la mafundi wengi katika hesabu ya namna hii. Siku yako iweke kwa bei ambayo fundi mwingine angekulipa akikuita umsaidie. Tumechukua 40,000, na oda yenyewe inaithibitisha: ungeimaliza ungekuwa umetumia 1,720,000 na 650,000, yaani 2,370,000, ukabakiwa na 1,030,000 kwa siku 25, kama 41,000 kwa siku. Siku 12 kwa 40,000 ni 480,000. Jumla iliyoingia kwenye kazi hii mpaka simu ilipoita ni 2,200,000.

Sasa toa kilicho hai. Bawaba na vitasa 145,000. Kioo 90,000, kama simu ya kwanza imefanyika. Mbao nzima ambazo hujazigusa uzipime mwenyewe, sisi tumezikadiria 150,000 katika fungu la mbao za kabati, ambalo kwa makadirio ni 600,000 kati ya zile 1,050,000. Hizo zina thamani kamili, mradi risiti na hati ya kusafirishia ya misitu unayo. Mninga usio na karatasi ni mzigo wa kuogopwa, na mnunuzi anayejua ataushusha bei au ataukataa kabisa.

Meza na viti ni kazi ya dukani. Hakuna kipimo cha nyumba ya mtu ndani yake. Umetia humo mbao za 450,000, mashine 35,000 kwa makadirio, usafiri 25,000, gundi 15,000, siku nne zako 160,000 na za kijana 80,000, jumla 765,000. Ukiimalizia utaiuza kwa bei iliyo karibu na ile uliyopatana, ila utasubiri mnunuzi na pengine utapunguza. Kwa hiyo tumeihesabu kuwa na uhai wa 650,000, na hasara yake ni 115,000 tu.

Kabati ndipo penye kazi. Macho ya kwanza yanasema limekufa lote, kwani lilikatwa kwa ukuta mmoja duniani. Litazame tena. Makabati ya ukutani wakati mwingine huwa na milango isiyolingana, kwa sababu ya nguzo au kona. Tuchukulie yako iko hivyo, miwili ina upana wa sentimita 62 na miwili 48. Ukiitenganisha kwa jozi, una makabati mawili ya kusimama ya milango miwili, moja la sentimita 124 na jingine la 96. Mbavu za mita 2.62 zinakatwa ziwe 2.40, zinatosha kwa milango ya 2.30 na kitako chini. Ubao mrefu hupunguzika. Ungekuwa umezikata fupi kuliko hapo, hesabu ingekuwa nyingine kabisa.

Lakini usijidanganye kwamba ni kukata na kuuza. Kabati la ukutani lenye vyumba viwili lina mbavu tatu, za pembeni mbili na ya kati inayotumika pande zote. Makabati mawili yanataka nne, kwa hiyo ubavu mmoja utautoa kwenye zile mbao nzima. La ukutani pia halina mgongo, mgongo wake ni ukuta. Haya mawili yanataka plaiwudi, na hapo kuna mtego mdogo: plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ina upana wa sentimita 122, na kabati lako ni 124. Ukiipigilia kwa nyuma haifiki kingo zote mbili. Chimba mfereji ndani ya mbavu, mgongo uingie humo, ndipo karatasi moja itatosha. Ukijumlisha plaiwudi, siku za kuyageuza, na kusubiri wanunuzi wawili badala ya mmoja, hivi vipande vilivyokatwa hatuvipi zaidi ya 350,000, ingawa mbao na nguvu zilizomo ni zaidi ya 1,000,000.

Vilivyo hai vyote ni 145,000 na 90,000 na 150,000 na 650,000 na 350,000, jumla 1,385,000. Ukiviondoa kwenye 2,200,000, hasara halisi ya kuvunjwa kwa oda ni 815,000. Hiyo ndiyo hela uliyo na haki ya kubaki nayo katika advansi, kwa hesabu ambayo unaweza kumwonyesha mtu yeyote mstari kwa mstari. Inayobaki, 885,000, ni yake.

Tunajua hapo umeshtuka, maana hizo 885,000 huna. Ziko karakanani kwa sura ya mbao. Ni hivyo, na njia mbaya kuliko zote ya kuzipata ni kuchukua advansi ya mteja anayefuata. Ukifanya hivyo, mbao za mteja wa pili utazinunua kwa hela ya wa tatu, na siku mmoja wao akivunja oda utawadai wote na utadaiwa na wote. Mafundi wengi wazuri wameikimbia karakana yao kwa njia hii, wala si kwa kukosa kazi.

Kwa hiyo ukimpelekea hesabu, mpelekee na njia mbili. Ya kwanza: oda imekufa yote, anarudishiwa 885,000 kwa awamu, ya kwanza baada ya bawaba na mbao nzima kurudi, nyingine meza ikiuzwa, na tarehe ya mwisho iandikwe. Ya pili: kabati limekufa, meza na viti anachukua. Hasara ya kabati peke yake ni 700,000, yaani zile 815,000 ukiondoa 115,000 za meza. Meza ni 1,400,000. Jumla 2,100,000, amekwishalipa 1,700,000, anaongeza 400,000 na kuondoka na meza na viti sita.

Mwonyeshe zikiwa sambamba. Njia ya kwanza anapoteza 815,000 na anaondoka mikono mitupu, tena anasubiri hela. Njia ya pili anapoteza 700,000 na ana meza ya mninga ya kuhamia nayo. Kwako ya pili ni nafuu zaidi, kwa kuwa hurudishi hata shilingi na faida ya meza inabaki. Unayo nafasi ya kupunguza hapo. Akisita, zile 400,000 zifanye 300,000, bado utakuwa umetoka vizuri kuliko kutafuta 885,000. Chini ya hapo tusingeshuka, maana sasa utakuwa unamlipia yeye uamuzi wa kuuza nyumba yake.

Kuhusu sheria, kwa kifupi, kwani kesi ya kiasi hiki hupendeza zaidi ikimalizwa mezani. Kwa Tanzania bara makubaliano yenu ni mkataba hata kama karatasi ina bei na tarehe tu, na hata sehemu iliyosemwa kwa mdomo inahesabika ikithibitika. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo, na kinataka pia iangaliwe njia zilizokuwepo za kuipunguza hasara. Ndiyo maana tumekubebesha kurudisha bawaba na kuligeuza kabati. Ukienda kudai thamani yote ya mbao huku mbao zimo ndani mwako, utaulizwa ulifanya nini nazo. Kifungu hichohicho kinaweza kufungua mlango wa kudai na faida uliyoikosa kwa zile siku 13, lakini ukipata kazi nyingine ndani ya siku hizo dai linapungua, na kulithibitisha ni kazi. Sisi tungeiacha ibaki kama neno la mwisho la kupatania.

Kwamba advansi ni yako ukikaa kimya, hapana. Hela iliyotangulizwa kwenye bei ni sehemu ya bei. Haigeuki kuwa zawadi kwa sababu mwenye nayo amebadili nia. Hata mafundi wanaoandika kwenye risiti "advansi hairudishwi" wasilitegemee sana hilo neno. Mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa ukivunjwa, kifungu cha 74 kinazungumzia fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho, na si kiasi chote moja kwa moja. Atakayekuwa na hesabu kama hii mkononi ndiye atakayesikilizwa, iwe ofisi ya serikali ya mtaa au Mahakama ya Mwanzo.

Kijana wako mlipe siku zake 12 zote kama bado kuna iliyobaki, na umwambie leo kama wiki ijayo kuna kazi au hakuna. Yeye hakuvunja oda.

Na oda inayofuata, usichukue nusu kwa nusu. Angalia ilivyokutokea: nusu ilikwisha kwenye mbao na vifaa kabla hujafika katikati ya kazi, na tangu hapo ulikuwa unafanya kwa mfuko wako bila kujua. Gawa mara tatu. Fungu la kwanza lilingane na mbao, vifaa na usafiri, kwa bei uliyoulizia dukani wiki hiyo. La pili lilipwe mteja akija kuona kazi ikiwa imeungwa lakini haijapakwa rangi, hapo ndipo kasoro zinaonekana na kurekebishika. La tatu kabla kitu hakijapanda gari. Kwenye karatasi hiyohiyo ongeza mistari miwili: "Oda ikivunjwa, mteja analipa gharama zilizotumika na siku za kazi zilizofanyika mpaka siku ya taarifa ya maandishi, ukiondoa thamani ya vifaa vinavyoweza kurudishwa au kuuzwa. Kazi ya kipimo cha ukuta haihesabiwi kuwa inauzika kwa bei kamili." Msomee kwa sauti kabla hajatoa hela, na kila mmoja abaki na nakala.